Picha ya Pamoja

Muna alipoitungua picha ya wazazi wake sebuleni, chokaa iliyokuwa nyuma yake ilikuwa bado nyeupe kama siku nyumba ilipopakwa. Mama yake, Bi Sihaba, alikuwa amekaa kitandani chumbani, mlango wazi, akaliona lile pengo jeupe ukutani. Angependa kusema kitu. Akajifunika upande wa kanga, akasubiri.

Alikuwa katika eda. Shamte, mumewe, alikuwa amekufa na kuzikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, kama inavyotakiwa, na tangu hapo Bi Sihaba hakuvuka kizingiti cha nyumba ila kwenda uani. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Sasa arobaini ilikuwa inakaribia, na watoto walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya hitma wanawake waonyeshwe picha za baba yao kwenye televisheni, zipite taratibu moja baada ya nyingine, na maneno machache chini yake. Wazo lilikuwa la Haitham, mtoto wa kiume, aliyekuwa Muscat na hakuwahi maziko. Mtu ambaye hakuwahi maziko hutafuta cha kufanya, na Haitham alikuwa anatafuta kwa bidii. Simu ya Muna haikupumzika.

Kazi yenyewe ilimwangukia Muna kwa sababu ndiyo kazi yake. Ana duka mjini Kilindoni, la kutoa fotokopi na picha za pasipoti, na harusi zote za karibu ni yeye anayezitengenezea mikanda ya video. Harusi anazimudu hata akiwa amesinzia: unaweka maua, unaweka nyota zinazomeremeta, bibi harusi anageuka mara tatu, watu wanafurahi. Hii ya baba yake ilimshinda kuanza. Alifungua kompyuta juu ya mkeka asubuhi, na mpaka adhuhuri alikuwa bado anaangalia kioo kitupu.

Kilichomsaidia ni mikono kupata shughuli. Picha za zamani alizitandaza karibu na mlango wa uani, penye mwanga lakini pasipo jua, akawa anazipiga moja moja kwa simu akiwa amesimama wima juu yake, ili mng'ao usiingie na picha isipinde. Zile zilizoganda kwenye plastiki ya albamu hakuzibandua. Alizipiga vilevile zilivyo, maana alishaona uso wa mtu ukibaki kwenye plastiki na karatasi ikatoka tupu. Kila alipoinua picha, Bi Sihaba alimwitia majina kutoka chumbani. Huyu kijana mwembamba mwenye kaptura ni Shamte akiwa shule. Huyu aliyesimama juu ya jiwe Ras Kisimani, maji yamekupwa, ni Shamte na marafiki zake wawili waliokwenda kuangalia magofu wakarudi usiku, na mama yake akawapokea na mwiko. Hapo Bi Sihaba alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe.

Kisha zikaja za Muscat, na hizo zilikuwa nyingi kuliko zote. Shamte mbele ya bohari alikokuwa mlinzi. Shamte na kanzu nyeupe. Shamte ameegemea gari ambalo watu wote wa Baleni, kijijini kwao, waliamini ni lake, na halikuwa lake. Shamte chini ya mtende. Alikwenda huko wakati Muna ni mchanga wa kubebwa, akawa anarudi likizo kila baada ya miaka kadhaa kama mgeni mwenye masanduku, na aliporudi moja kwa moja Muna alikuwa ameshaolewa. Katika picha zote hizo alikuwa peke yake.

“Mama,” Muna alisema, “mtu akiziangalia hizi kwa mpangilio atasema baba hakuwa na mke.”

Alisema kwa kutania. Hakujua amelichoma lile lile donda. Bi Sihaba alikuwa ameshaliona tangu picha ya pili ya Muscat. Maisha ya mumewe yalikuwa yanatandazwa pale mkekani, na yeye hakuwamo. Wakati wa harusi yao hapakuwa na mpiga picha. Harusi za watoto, wanaume walikuwa upande wao na wanawake upande wao, na kila upande ukapigwa picha zake. Alitaka kitu kimoja tu katika jambo hili zima, na hakumwambia mtu: alitaka wanawake watakaokuja wamwone amesimama na mume wake. Alikuwa mke wa mtu huyu. Alimsubiri nusu ya umri wake. Je, hapakuwa na mahali popote panapoonyesha hivyo?

Palikuwa na pale ukutani tu. Na Muna sasa alikuwa ameishika picha ile mkononi.

Ilikuwa picha ya rangi iliyofifia kidogo, mume na mke wamesimama bega kwa bega mbele ya pazia la bluu. Haitham alikuwa ameshaagiza kwamba hiyo ndiyo ifungue, na chini yake paandikwe: Siku ya harusi yao. Muna aliipiga kwa simu, akamtumia Haitham, akaihamishia kwenye kompyuta, akaikuza ili aondoe madoa ya unyevu.  Akaikuza zaidi. Bi Sihaba alimwona kwa mbali anavyoinamia kioo, akajua.

Mtu anayetengeneza picha kila siku hadanganywi na picha. Mwanga ulimpiga mama upande wa kushoto na baba upande wa kulia, kana kwamba studio ilikuwa na majua mawili. Kivuli cha mama kilianguka nyuma yake, na baba hakuwa na kivuli. Pembeni mwa kanzu yake, kuanzia begani mpaka chini, kulikuwa na mstari mwembamba uliokatika kidogo kwenye kiwiko, mahali wembe ulipoteleza. Na viatu vyake havikugusa sakafu.

Muna hakuita kwa sauti. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda na kompyuta mapajani, akauliza polepole kama anayemwuliza mgonjwa: mama, hii picha ilipigwa lini?

Bi Sihaba angeweza kusema lolote. Alikuwa ameshasema: picha hii imetoka sandukuni, ya kabla hujazaliwa. Alilisema hilo Muna akiwa msichana mdogo, na likakaa ukutani pamoja na picha likawa kweli. Lakini alikuwa amechoka, na kulia kwa wiki nyingi kunamwacha mtu bila nguvu ya kushikilia vitu. Akamsimulia.

Wakati ule Shamte alikuwa hapigi simu, simu zilikuwa wapi Baleni? Alikuwa anatuma kaseti. Kila aliporudi mtu kutoka Muscat alileta kaseti, na Bi Sihaba alimkalisha Muna mbele ya redio wakamsikiliza baba anavyowasalimia, anavyokohoa, anavyouliza habari za minazi. Siku moja Muna alirudi kutoka kuchota maji akiwa analia. Watoto wenzake walikuwa wamemwambia yeye hana baba, baba yake ni wa kwenye kaseti. Wakamwimbia hivyo njia nzima. Usiku ule hakutaka kula, na akauliza swali ambalo Bi Sihaba hakulisahau: kama baba yupo, mbona hamjasimama pamoja?

Basi Bi Sihaba alikwenda Kilindoni kwa mpiga picha aliyekuwako wakati ule, mtu wa bara ambaye baadaye aliondoka na studio yake. Alichukua picha moja ya Shamte iliyotoka Muscat. Akasimama mbele ya pazia la bluu, na mpiga picha akamwambia, sogea kushoto, mwachie nafasi. Akamwachia nafasi. Alisimama na nafasi ile pembeni yake, akaitazama kamera, akatabasamu. Kisha yule mtu akamkata Shamte kwa wembe, akambandika, akaipiga upya picha nzima, na wiki iliyofuata ikawa tayari.

“Niliifanya kwa ajili yako,” alisema. “Ulinyamaza, ukala. Ukawa unawaleta wenzio mpaka sebuleni unawaonyesha.”

Muna alikumbuka. Alikumbuka hata majina ya wale aliowaleta. Aliweka kompyuta chini, akakilaza kichwa, yeye mwanamke mzima mwenye watoto watatu, miguuni mwa mama yake.

Baba alijua? aliuliza hatimaye.

Alijua, bila shaka. Alipokuja likizo iliyofuata aliiona kabla hata hajaweka mizigo. Alisimama mbele yake muda mrefu, na Bi Sihaba nyuma yake akiwa tayari kufa kwa aibu. Shamte hakugeuka. Aliuliza tu, “Siku hii tulikuwa wapi?” Naye akamjibu, “Tulikuwa hapa.” Basi akaiomba nakala, akaenda nayo Muscat, akaibandika juu ya kitanda chake kwenye chumba walicholala wanaume sita, na wote sita wakaamini.

Hayo yote Bi Sihaba aliyasimulia bila kutetereka. Lililomvunja lilikuwa la mwisho, na hilo alilisema ameelekea ukutani. Shamte aliporudi moja kwa moja walikaa pamoja miaka mingi, wazee wawili na minazi yao na mihogo yao. Muna mwenyewe alikuwa ameshafungua duka. Si mara moja wala mbili Shamte alimwambia, twende kwa Muna tukapigwe picha, sasa nipo. Naye alimjibu kila mara: ya nini kupigwa na uzee huu, tunayo ile. Alisema hivyo kwa mapozi, kama mke anayetaka kubembelezwa, akijua ipo siku atakubali. Tunayo ile. Akawa naye humu ndani kila siku, wakila sahani moja, na hakuna aliyepiga picha.

  Muna alimpigia Haitham simu usiku ule ule, akataka kumweleza kwamba picha ya kufungulia isitumike kwanza, lakini Haitham hakumwacha amalize. Ameshaanza kuitengeneza, alisema. Kesho mtaona. Haitham akishika jambo ni kama baba yake, utamweleza nini?

Asubuhi kazi yake ikaingia kwenye kundi la simu la ukoo na majirani, na simu zikaanza kulia nyumba nzima. Haitham alikuwa ameipeleka picha kwenye moja ya hizo programu mpya za simu, zile zinazofufua picha. Warda, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeingia mbio akiwa ameishika simu yake mbele kama sahani ya moto, akamwekea Bi Sihaba mkononi.

Pazia la bluu lilikuwa pale pale. Shamte alipepesa macho. Akageuza uso taratibu, akamtazama mwanamke aliyesimama kando yake, akatabasamu, akanyanyua mkono na kuuweka begani mwake. Mwanamke akaegemea. Ikaisha, ikaanza tena.

Bi Sihaba aliiangalia mara ngapi? Warda aliacha kuhesabu, akarudi kwake kuangalia chungu chake kisiungue, akaiacha simu. Bi Sihaba alikaa nayo. Kila Shamte alipogeuka alijitengeneza kanga kichwani, kama msichana. Alikuwa na hamu naye. Tuliseme hivyo hivyo lilivyo. Alikuwa na hamu ya kugeukiwa. Alimsubiri mtu huyu kwa miaka, akampata, sasa amemkosa tena bila likizo, na hapa alikuwa anamgeukia, mzima, kijana, hana kikohozi, mara baada ya mara. Kwenye kundi watu walikuwa wameandika mashaallah mpaka kioo kikajaa.

Ilikuwa karibu na adhuhuri alipouangalia ule mkono. Ulikuwa mkono laini, wenye vidole virefu vilivyonyooka. Shamte alikuwa na mkono mfupi, mpana, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimepinda nje tangu kilipobanwa na mlango wa bohari. Kwa kidole kile alimenya machungwa. Kwa kidole kile alimgonga begani akitaka kumwamsha alfajiri, gonga mbili, bila kusema. Huu uliomlalia begani kwenye simu ulikuwa mkono wa mwanaume mwingine.

Aliizima simu, akaigeuza kifudifudi kitandani.

Alipokuja Muna jioni kutoka dukani, alikuwa na habari njema aliyoifikiria njia nzima. Hii ya Haitham si nzuri, alisema, lakini yeye anaweza kuirekebisha picha yenyewe kwa adabu. Atampa baba kivuli. Atasawazisha mwanga, atafuta mstari wa wembe, atamshusha viatu viguse sakafu. Kazi ya saa moja. Hakuna jicho litakalojua, si Haitham wala mtu yeyote, na watu wote watawaona wawili pamoja kama alivyotaka. Ndiyo, alikuwa ameng'amua alichotaka mama yake, hakuwa mjinga.

Na Bi Sihaba alitaka. Tusidanganyane, alitaka sana. Aliona kichwani mwake wanawake wa Baleni wamekaa mbele ya televisheni, na Shamte amesimama kando yake akiwa na kivuli kama watu. Akasema, kesho nitakujibu.

Jibu alilipata kwa njia ya pembeni. Mfaume, mdogo wake Shamte, ndiye aliyekuwa anasimamia hitma. Kwa kuwa shemeji si maharimu, hakuingia ndani wakati wa eda. Alikaa barazani chini ya dirisha, na maneno yalipita kwenye pazia. Alikuja kuuliza hiyo sinema yao itakuwaje, kwa sauti ya mtu aliyekuja kukataza. Muna akamweleza vizuri: ami, si sinema. Ni picha thelathini hivi, kila moja inakaa pumzi chache, si zaidi ya urefu wa kaswida mbili. Hakuna za wodini. Zile ambazo Haitham aliomba za siku za mwisho, na mipira puani, hazimo, maana mtu akishaziona hizo hakumbuki nyingine. Maneno ni machache na herufi kubwa, bibi zetu wasome bila miwani, na hayarudii kinachoonekana. Picha ya baba ameshika mche wa mnazi haiandikwi ameshika mche. Inaandikwa, Minazi hii ilizaa, akala.

Mfaume alilainika kidogo, lakini alikuwa na masharti. Hitma ni hitma: ikamalizwa, dua ikapigwa, watu wakala, ndipo hayo mengine, na kwa wanawake ndani. Ala za muziki asizisikie nyumbani kwa kaka yake. Muna akasema alifikiria kuweka kisomo chini ya picha. Hapo ndipo ami alipokunja uso, na hata nyuma ya pazia ulimsikia anavyoukunja. Kurani haiwekwi chini ya kitu, alisema. Ikisomwa watu hunyamaza wakasikiliza. Nyinyi mtakuwa mnaonyeshana, tazama huyu, tazama yule, na aya inapita. Chukueni kaswida ya wale wasichana wa madrasa, ya sauti tupu. Kaka alikuwa anaipenda. Muna akakubali, na kwa kweli aliona ni nzuri kuliko alivyowaza.

Akawa anaondoka, Mfaume, ameshavaa makubadhi, ndipo akasema lile jingine. “Na maneno yenu yawe ya kweli. Maiti hawezi kujitetea, hata ukimsifia.”

Alikuwa anasema kuhusu gari la Muscat. Alijua wangeandika ni gari lake. Lakini ndani, nyuma ya pazia, Bi Sihaba aliipokea kauli ile kama imetumwa kwake kwa jina.

Usiku alimwomba Muna simu, akamrekodia Haitham ujumbe wa sauti, peke yake, mlango umefungwa. Muna hakujua alichosema humo. Alijua tu kwamba Haitham hakujibu mpaka siku ya pili, na alipojibu alikuwa ameondoa ile yake kwenye kundi na ameandika maneno mafupi: Mama aamue.

Mama aliamua. Picha isiguswe. Mstari ubaki, viatu vibaki hewani, kivuli kisiwepo. Isiwe ya kufungulia, bali ikae katikati, baada ya zile za Muscat, mahali pake ilipotokea. Na kaswida ikifika hapo ikatike. Muna alishangaa mama yake amejuaje kwamba ukimya ndio unaoshika watu kuliko sauti. Miaka yote hiyo ya harusi hakuwahi kuthubutu kunyamazisha. Alipunguza sauti taratibu kwenye picha ya mtende, ili wasistuke, akaiacha ile moja kimya, akairefusha mara tatu ya nyingine. Maneno ya chini Bi Sihaba aliyatamka mwenyewe, na Muna aliyaandika bila kuongeza nukta.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa. Hitma ikasomwa, dua ikapigwa, pilau ikaliwa, wanaume wakabaki barazani na kahawa, na ndani Muna akachomeka flashi kwenye televisheni. Alikuwa ameshaijaribu jana yake, kwa sababu televisheni ya mama ilikuwa inakata kingo za picha na ilibidi ayapandishe maneno juu kidogo. Wanawake walijibana mkekani. Bi Sihaba alikaa mwisho kabisa, ameegemea ukuta, chini ya lile pengo jeupe.

Mwanzoni walicheka. Kaptura ile, miguu ile. Kwenye ile ya Ras Kisimani bibi mmoja alimtaja kijana wa pembeni kwa jina na akaguna. Muscat ilipita, na lile gari, na chini yake: Gari ni la tajiri, tabasamu ni lake, wakacheka tena, hata waliokuwa wameliamini. Sauti za wasichana zikawa zinadidimia. Kisha zikaisha, na pazia la bluu likajaa kioo.

 Walikuwa wanaijua picha ile, wote walikuwa wamekunywa chai chini yake. Walisoma:

Hawakuwahi kupigwa picha pamoja. Hii ilitengenezwa Kilindoni, mke akimsubiri mume. Alirudi, wakaishi pamoja, wakasahau kuipiga ya kweli.

Mmoja mmoja wakaanza kuuona mstari kwenye kanzu, viatu, upande usio na kivuli. Bi Sihaba alikuwa ameogopa macho yatageuka nyuma kumtafuta. Hayakugeuka. Mabega ya waliokaa mbele ndiyo yaliyoanza kutikisika, na mtu akavuta kamasi, na mwingine akamshika mwenziwe mkono. Nao wengi wao walikuwa na waume Muscat, au Dar, au baharini, au pale pale barazani na kahawa. Ukimya ulikuwa mrefu, kama alivyoutaka. Halafu sauti zikarudi taratibu, na Shamte mzee akatokea na mche wa mnazi.

Ilipokwisha, Warda alinyanyuka kabla ya wengine. Hakutoa pole. Alijitanda mtandio, akampita Muna, akatoka mpaka ukumbini, na wakamsikia anamwita mumewe, Iddi, mbele za wanaume, jambo ambalo halikuwahi kutokea Baleni na Iddi alilijua hilo. Iddi akauliza kuna nini. Akaambiwa inuka. Akasema kahawa bado ya moto. Akaambiwa iache.

Muna akaitwa aje na simu yake. Bi Sihaba hakuweza kutoka, akasogea mpaka kwenye pazia la mlango na kusimama nyuma yake, akawasikia wote. Iddi alikuwa ananung'unika kwamba shati lake lina doa la mchuzi, kwamba hana kofia nzuri, kwamba mtu na akili zake hapigwi picha kwenye msiba wa mwenziwe, na kwa nini wasiende kesho dukani.  Muna akamwomba ami Iddi asimame na Warda pale penye mwanga. 

“Hivyo hivyo,” Muna alisema. “Tayari?”

Bi Sihaba alilishika pazia kwa mikono miwili. Hakuhitaji kuwaona kujua. Aliwajua wale wawili miaka arobaini, alijua jinsi wanavyosimama mbele za watu, kama waliogombana.

“Muna,” aliita kwa sauti ambayo barazani pote waliisikia, “wameachiana nafasi. Waambie wasogeleane.”